Kusahihisha insha ya kumbukumbu za mkutano: navyofanya mimi na fomu 3 wangu hapa Lamu

Walimu wenzangu, msimu wa insha za kiuamilifu ukifika nyote mwajua meza ya stafrumu inavyojaa. Kumbukumbu ndizo zinatuchosha zaidi manake mtoto akijua tu kuandika KUMB 1, KUMB 2 anahisi kamaliza kazi, na mwalimu naye akichoka anatia tiki ya sura na kwenda zake. Nitatumia karatasi moja niliyosahihisha, Chama cha Kiswahili kinapanga safari ya magofu ya Gede, boti hadi Mokowe kisha basi.

Hatua ya kwanza: sura peke yake, peni nyekundu usiguse sarufi bado. Napitisha macho juu hadi chini kuangalia vitu vinne: kichwa, mahudhurio pamoja na ajenda, mwili wenye nambari, na sehemu ya sahihi. Mtihani wa taifa unakata maksi 4 kwa asiyezingatia sura, basi mimi darasani nazigawa moja kwa kila kitu hapo ili mtoto aone amekatwa wapi. Mtoto huyu aliandika "MKUTANO WA CHAMA CHA KISWAHILI TAREHE 12 JUNI 2024". Hakuna neno kumbukumbu, hakuna mahali, hakuna saa. Moja imeenda. Kilichotakiwa ni KUMBUKUMBU ZA MKUTANO WA CHAMA CHA KISWAHILI ULIOFANYIKA KATIKA UKUMBI WA SHULE TAREHE 12 JUNI 2024 KUANZIA SAA NANE MCHANA. Kwengine yuko sawa, mahudhurio kayagawa waliohudhuria, waliotuma udhuru na waliokosa bila udhuru, na nambari zake ni KUMB 1/6/2024 mpaka KUMB 6/6/2024, nikazihesabu na ajenda zikalingana.

Kwenye sahihi msiwabane sana. Akiweka nukta tu mbele ya mwenyekiti na katibu na tarehe wazi, mpe, tena huyo ndiye anaelewa zaidi, kwa sababu kumbukumbu hutiwa sahihi zikishathibitishwa kwenye mkutano unaofuata. Yule anayemtia mwenyekiti sahihi siku ileile mimi namwandikia swali pembeni, simkati.

Hatua ya pili ndiyo wengi tunairuka, usahihi. Hapa sizungumzii tahajia, nazungumzia kama kumbukumbu zenyewe zinakubaliana. Nauli ya boti hata akiibuni sina neno, mkutano ni wa kubuni, lakini alichokisema ukurasa wa kwanza lazima kisimame mpaka wa mwisho. Navyofanya ni hivi: nikimaliza mahudhurio naandika hesabu yake pembeni kwa penseli. Huyu alikuwa na 7 waliohudhuria, 2 wenye udhuru, 1 hakuja, basi naandika 7/2/1, na kwa wale wenye udhuru naandika vyeo vyao pia. Mmoja alikuwa mweka hazina. Halafu nasoma nikirudi kwenye ile 7/2/1 kila mtu anaposema kitu na kila kura inapopigwa.

KUMB 3 ikaja: "Wanachama 6 waliunga mkono safari na 3 wakapinga." Sita na tatu ni tisa na ukumbini wamo saba! KUMB 4, mweka hazina anasimama na kutoa hotuba ndefu ya pesa, yule yule aliyetuma udhuru. Kisha hesabu, wanafunzi 30 kila mmoja shilingi 650, yeye kaandika jumla 16,500 na ni 19,500. Navuta mstari kutoka kosa hadi pale linapopingana napo, mstari mrefu hata ukipita katikati ya aya, ili mtoto aone mwenyewe bila mimi kuandika risala. Kila mgongano nauhesabu mara moja tu chini ya maudhui. Mweka hazina akisema mara tano bado ni kosa moja.

Hatua ya tatu, ufupi. Hebu soma hii KUMB 4 yake kama ilivyo:

"Kisha mweka hazina aliinuka kwenye kiti chake akakohoa kidogo akasema, 'Jamani wenzangu, mimi naona hizi pesa ni nyingi sana, wazazi wetu wengi ni wavuvi na msimu huu wa kusi bahari imechafuka, watatoa wapi?' Watu wote walinyamaza. Mwenyekiti akamshukuru kwa hekima yake akasema kila mtu alete shilingi mia tatu kwanza na zilizobaki zitalipwa baadaye."

Kiswahili kizuri, na hoja ya kusi ni ya kweli kabisa, mtoto anaijua nyumbani. Lakini hii ni hadithi. Mimi napiga mstari mwepesi wa penseli juu ya kila kitu ambacho asiyekuja mkutanoni hakihitaji, kukohoa, kunyamaza, kushukuriwa, na maneno yaliyonukuliwa yanageuzwa kuwa usemi wa taarifa. Halafu naangalia kilichobaki kama kinajibu nani afanye nini kufikia lini. Hapa ndipo ufupi unapofichua pengo, kwa sababu ukishaondoa yale mapambo unakuta "baadaye" haina tarehe na hakuna aliyepewa kazi ya kukusanya. Nikamwandikia mfano mmoja chini:

"KUMB 4/6/2024: Gharama za safari. Ilielezwa kuwa wazazi wengi wasingeweza kulipa shilingi 650 kwa pamoja kwa kuwa msimu wa kusi ulikuwa umepunguza uvuvi. Iliazimiwa kuwa kila mwanachama alipe shilingi 300 kufikia tarehe 28 Juni na shilingi 350 kabla ya safari. Mtekelezaji: mweka hazina."

Tarehe ya 28 nimeiweka mimi, na nikamwambia hivyo, asije akadhani niliitoa kwake. Mweka hazina anaweza kupewa kazi hata kama hakuwepo, hilo halina shida.

Sasa tahadhari, kuna wanaochukua ufupi kupita kiasi, kila KUMB ni "Suala lilijadiliwa kwa kina na kukubaliwa" basi. Hiyo ni fupi lakini tupu, na mtihani unataka kama maneno 400. Mtoto wa namna hii usimwambie arefushe sentensi, mwambie aongeze hoja na azimio kwenye kila ajenda, urefu utakuja wenyewe.

Mwisho kabisa ndiyo nasahihisha lugha, mstari mmoja kwa hijai na miwili kwa sarufi kama kawaida. Hapa kwetu Kiamu kinapenyeza, utakuta "waliokuya" badala ya waliokuja, natia mstari na kusonga mbele. "Kesho" na "leo" ndani ya taarifa hizo nazikazia zaidi, zinatakiwa ziwe siku iliyofuata na siku hiyo.

Maksi za huyu: kwa lugha na mpangilio ningemweka 14. Migongano mitatu na ile hadithi ya KUMB 4 zikamteremsha hadi 12, halafu moja ya kichwa, akabaki na 11 kati ya 20, yuko B bado lakini ukingoni. Ile maksi ya sura iandikeni kivyake, 12 toa 1, sio mseme 11 tu, manake asipoiona atarudia kichwa kile kile. Karatasi nikirudisha simwambii aandike insha yote upya, namwambia arekebishe KUMB 3 na kichwa tu, aniletee kesho yake asubuhi kabla ya gwaride.