Hesabu ya C:N ya kompost: toa maji kwanza ndio ugawanye

Wengi wanaochanganya kompost hapa Nairobi washajua ile namba ya 25 mpaka 30, yaani kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni, hapo hakuna shida. Shida inaanza ukiwa na vitu tofauti, tuseme majani ya kabeji kutoka Marikiti, mbolea ya kuku wa mayai na mabua makavu ya mahindi, alafu unaweka kila kitu kwa mizani na unapiga hesabu na hizo kilo vile ziko. Kilo 100 za majani ya kabeji, karibu kilo 90 ni maji, na maji hayana kaboni wala nitrojeni. Zile asilimia za kaboni na nitrojeni unazopata kwa majedwali ni za kitu kikishakauka kabisa, so ukizipiga na kilo mbichi jibu lote linaenda kombo, na linaenda vibaya zaidi kwa kile kitu chenye maji mengi.

Chukua mfano wa mtu ako na shamba ndogo Ruai. Ako na kabeji kilo 100 yenye unyevu 90%, mbolea ya kuku kilo 20 yenye unyevu 70%, na mabua yaliyokatwakatwa kilo 40 yenye unyevu 15%. Toa maji kwa kila moja: kabeji inabaki kilo 10, mbolea inabaki kilo 6, mabua yanabaki kilo 34. Ona hapo vile mambo yamegeuka, kabeji iliyokuwa rundo kubwa kabisa sasa ni kidogo na mabua ndio yamebeba mchanganyiko.

Sasa ndio unaingiza asilimia. Kabeji tuipe kaboni 40% na nitrojeni 2.5%, hapo unapata kaboni kilo 4 na nitrojeni kilo 0.25. Mbolea ya kuku tuipe kaboni 30% na nitrojeni 5%, inatoa kaboni kilo 1.8 na nitrojeni kilo 0.3. Mabua tuyape kaboni 45% na nitrojeni 0.75%, yanatoa kaboni kilo 15.3 na nitrojeni kilo 0.255. Jumlisha kaboni yote upate 21.1, jumlisha nitrojeni yote upate 0.805, gawanya, jibu ni 26. Iko sawa kabisa.

Angalia pia mahali nitrojeni imetoka. Mbolea ya kuku ni kilo 6 tu kavu lakini imeleta nyingi kuliko kitu kingine chochote, ndio maana ukiongeza ndoo moja mbili za mbolea bila kupima unaharibu haraka. Ukiweka kilo 40 badala ya 20, jibu linashuka hadi 21 hivi, na hapo utaanza kusikia ile harufu ya amonia inayochoma pua, hiyo ni nitrojeni yako inaenda na hewa.

Kama uko na simu yenye spreadshiti usihangaike na kalamu. Safu ya B weka kilo mbichi, C weka unyevu kwa asilimia, D kaboni, E nitrojeni, zote uandike namba tu kama 90 bila alama ya %, alafu andika hii:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,100-C2:C4,D2:D4)/SUMPRODUCT(B2:B4,100-C2:C4,E2:E4)
```

Hiyo `100-C2:C4` ndio inatoa maji. Ukiiacha, mchanganyiko ule ule unakupa 17 badala ya 26, na sasa mtu anaona kaboni ni kidogo anaanza kutafuta mabua mengine. Ili hiyo hesabu mbovu ifike 30 atahitaji kuongeza mabua kilo 220 hivi, na ukirudi kupiga vizuri unakuta rundo lake liko karibu 48 na unyevu umeshuka chini ya 40%. Rundo kama hilo linakaa tu, siku tatu nne zinaisha ukichomeka chuma katikati kinatoka baridi, na mtu anadhani ni baridi ya Julai.

Unyevu wenyewe usiukisie, ju ndio unabeba hesabu yote. Chota kidogo kidogo kutoka pande kadhaa za rundo la kabeji, katakata, pima gramu 500, tandaza kwa sinia uanike juu ya mabati. Pima kila jioni na uiingize ndani usiku isipate umande, mpaka uzito uache kushuka. Ikibaki gramu 50, maji yalikuwa 450, gawanya kwa 500, hiyo ni 90%. Jua haliwezi kutoa kila tone kama oveni ya maabara ya 105°C lakini kwa rundo la shamba inatosha. Mbolea ya kuku pia pima yako, ju ile ya keji na ile ya kuku wa chini iliyochanganyika na maranda ni vitu viwili tofauti kabisa, ya maranda ni kavu zaidi na kaboni yake iko juu, usitumie namba za moja kwa ingine.

Bado kuna kitu kwa ule mfano wetu. C:N ni 26 lakini hebu hesabu maji: jumla ni kilo 160, kavu ni 50, maji ni 110, hiyo ni unyevu wa karibu 69%. Tunataka 50 mpaka 60. Ukijenga hivyo hewa haitapita na rundo litanuka kama mayai viza hata kama C:N iko sawa, na ukiongeza mabua ndio ukaushe unasukuma C:N juu.

Mimi hapo ningeacha vipimo vyote vile viko na kunyausha kabeji tu. Tandaza majani kwa jua mpaka zile kilo 100 zifike 60. Kilo 10 kavu bado ziko, kaboni ni ile ile, nitrojeni ni ile ile, kwa hivyo C:N inabaki 26, lakini maji ya rundo lote yameshuka hadi 70 kwa kilo 120, yaani 58%. Ila mbolea ya kuku usianike hivyo, ikikaa juani inapoteza amonia na ile 5% yako haipo tena.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, kabeji haitanyauka, itaoza tu ukingoja. Hapo ongeza mabua kilo 20, C:N inapanda hadi 31 na unyevu unashuka hadi 63%, si kamili lakini inafanya kazi ukifunika na turubai na ugeuze mapema. Usiweke vumbi la mbao badala ya mabua ukitumia hesabu hii hii, kaboni yake nyingi imefungwa kwa ligini na vijidudu haviifikii haraka, so 30 ya karatasi inaweza kufanya kama 20 ndani ya rundo na bado ukasikia amonia. Hata mabua yenyewe yakate vipande vifupi vya sentimita 5 hivi, bua refu nzima ni kaboni iliyo kwa hesabu lakini haiko kwa kazi.