SOMO: Kufunga bei ya dola kwa mkataba wa fowadi kabla ya kumlipa muuzaji wa nje

Nimechoka kujibu swali hili moja moja inboksi, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Umeagiza mzigo, utalipa dola 50,000 baada ya siku 90, na unaogopa dola itapanda. Dawa yake ni fowadi, yaani mkataba ambao wewe na benki mnakubaliana leo bei ya dola utakazonunua siku ya mbele. Fanya hivi.

1. Soma ankara: sarafu gani, kiasi gani, lini.

2. Omba benki ikufungulie nafasi ya fowadi. Watataka dhamana, au watakata sehemu ya kikomo chako cha mkopo. Anza mapema, maana hapa ndipo siku zinapopotelea.

3. Omba bei, na uihakiki mwenyewe. Tuseme dola leo ni 100 kwa sarafu yako, riba ya sarafu yako ni 12% kwa mwaka na ya dola ni 4%:

```
100 × (1 + 0.12×90/360) / (1 + 0.04×90/360) = 101.98
```

Benki itaongeza faida yake kidogo juu ya hapo. Ikikutajia 104, uliza benki nyingine.

4. Chagua tarehe. Hapa ndipo nilipoungua. Niliweka siku ileile iliyoandikwa kwenye ankara, kumbe masharti yetu yalikuwa nalipa hati za mzigo zikifika, na meli ikachelewa mwezi mzima. Mkataba ukaiva, muuzaji hajadai, na dola imeshuka hadi 97. Ili kuusogeza mbele siku 30, ilibidi nizichukue dola kwa 101.98, niirudishie benki kwa 97, kisha nifunge upya kwa 97.64. Tofauti ya 4.98 kwa kila dola ni 249,000, na ilitakiwa taslimu siku hiyohiyo. Ukijumlisha yote, kila dola ilinigharimu 102.62, yaani 0.64 tu zaidi ya bei ya mwanzo (pengo la benki kati ya kununua na kuuza nimeliacha). Kwa hiyo kilichoniumiza hakikuwa bei. Sikuwa na hizo 249,000 mkononi.

Kama tarehe ina mashaka, omba fowadi ya dirisha: unachukua dola siku yoyote kati ya, tuseme, siku ya 90 na ya 120. Benki itakupa bei ya siku iliyo mbaya zaidi kwako ndani ya dirisha. Lipa hiyo tofauti, ulale. Na USIFUNGE kabla muuzaji hajathibitisha oda. Oda ikifa, mkataba na benki unabaki hai.

5. Soma uthibitisho wa maandishi: wewe ndiye unayenunua dola? Kiasi, bei na tarehe ni sawa? Kosa lionekane leo, si siku ya kuiva.

6. Siku ikifika, weka pesa kwenye akaunti, benki imlipe muuzaji.

MASWALI

Mzigo_Njiani: Dola ni 100, benki inanipa 101.98. Huu si wizi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kalamu2: Hesabu nimeifuata, ila sijaelewa riba inaingiaje. Si tunabashiri dola itakuwa wapi?

Mwandishi: Swali zuri. Hakuna anayebashiri. Ukishafunga, benki inaweza kukopa sarafu yako kwa 12%, ikanunua dola leo, ikaziweka zipate 4% hadi siku yako. Pengo la riba ndilo gharama yake, na ndilo linalokufikia kwenye bei. Ndiyo maana riba ya sarafu yako ikiwa chini ya ile ya dola, bei ya fowadi huwa chini ya bei ya leo.

Tajiri wa Kesho: Dola ikishuka naweza kuuacha mkataba ninunue sokoni?

Mwandishi: Hapana. Unachokitaka kinaitwa opsheni, na ada yake unalipa mwanzoni.

Tajiri wa Kesho: Basi wewe ulipata hasara. Ungekaa bila mkataba ungenunua kwa 97.

Mwandishi: Na ingefika 110 ungeniambia nini? Bidhaa zangu nilishazipangia bei ya kuuza nikihesabu dola kwa 102. Nilitaka hesabu ile isivunjike, sikuwa nacheza kamari.

Bi Stoo: Mimi sifungi ankara nzima. Malipo ya awali ya 30% nalipa kwa bei ya leo. Iliyobaki nafunga ile nusu ambayo nina hakika itadaiwa, na nyingine naifunga hati za kupakia mzigo zikitoka.

Mwandishi: Bi Stoo, hiyo ni nzuri kuliko yangu. Ila waambie wenzako ile nusu isiyofungwa iko wazi hadi hati zitoke. Dola ikiruka katikati, ni juu yako.

Bi Stoo: Najua. Ndiyo maana bei ya kuuza ya nusu hiyo simwahidi mteja mapema.