Rashi ni za nani? Namna ya kuandika kontra fupi na kliyenti mbele ya kushika kamera

Wenzangu wa video hapa Lubumbashi, ile swali inarudi kila mara: kliyenti amelipa, amepokea video yake, myezi inapita, kisha anapiga simu, "Yaya, nitumie na zile zote mulikamata siku ile, si nililipa?" Na weye unasikia ndani ya roho kama hapana, lakini hauna karatasi ya kumuonyesha. Ntaeleza na mfano mmoja paka mwisho: shule moja ya Kampemba inataka video ya dakika 3 ya kuita wazazi waandikishe watoto, bei dola 600, mnakamata siku mbili, na droni iko ndani.

Hatua ya 1: gawanya kwanza vitu vyenyewe

Watu wanasema "video" kama vile ni kitu kimoja, njo maana wanagombana. Kuko video ya mwisho, ile MP4 unamtumia. Kuko rashi, maana yake video mbichi yote yenye ilitoka ndani ya kadi ya kamera, na makosa yake na sauti zake. Kuko faili ya projekti, `.prproj` kama unafanyia montaji ndani ya Premiere ao `.drp` kama ni Resolve. Na kuko vitu vya watu wengine: muziki, fonti, animasyo ya kununua. Hii ya mwisho hauwezi kuiuza hata ukitaka, sababu laisensi ya muziki mara nyingi inafungwa kwa konti yako na kwa matumizi fulani. Prefe wa ile shule akipeleka video ileile kwa televizyo wakati laisensi inasema ni ya mtandao tu, matata itaanzia pale.

Kila kimoja ndani ya hivi vine kinaomba sentensi yake ndani ya kontra.

Hatua ya 2: jua uko unasimama wapi mbele ya sheria

Sheria yetu ya haki za waandishi ni ordonansi-lwa nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Msingi wake ni kama haki inazaliwa kwa mtu aliyeumba kazi, pale tu anapoiumba. Kulipa kazi ni jambo moja, kununua haki ni jambo lingine, na kama hakuna maandishi yanayosema haki zimehama, kliyenti ana shida ya kuonyesha kama ziko kwake. Hata ukiziuza zote, jina lako linabaki lako: Mkataba wa Berne, na Kongo iko ndani yake, katika kifungu 6bis unamuachia mwandishi haki ya kutajwa na ya kukataa kazi yake iharibiwe kwa namna inayochafua heshima yake.

Lakini usishangilie mbio. Kama shule njo ilikamata picha na telefone zao wakakuletea ufanye montaji tu, rashi ni zao, weye unarudisha. Na kama ni weye uliita kijana wa droni ukamupa franga ya siku mbili bila karatasi, mashoti yake ya droni hayajawa yako bado, sasa utamuuzia prefe nini? Mpe naye karatasi ya mistari mitatu, asinye siku ileile ya kukamata: anakuachia haki za mashoti yote ya ile kazi, kwa bei hii, na jina lake litaandikwa. Wengi hawafikirie hii kabisa, na njo tundu kubwa kushinda zote.

Hatua ya 3: andika kontra, ukurasa moja inatosha

Code civil livre III, kifungu 33, inasema mapatano yaliyofanywa kisheria yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Kwa hiyo chenye mmeandika njo kitawafunga. Kwa ile shule mi ningeandika hivi, kwa maneno ya kila siku:

"Fundi atatoa video moja ya dakika 3. Bei ni dola 600, nusu mbele ya kukamata, nusu siku ya kupokea. Shule itaweza kuitumia kwenye mitandao yake, kwenye tovuti yake na kwenye mikutano ya wazazi, bila mwisho wa muda. Kwa televizyo ao kwa tangazo la kulipia, tutapatana tena kwa maandishi. Haki hizi zinaanza siku bei yote imelipwa. Rashi na faili ya projekti zinabaki za fundi, hazimo ndani ya bei. Fundi atazichunga myezi 6 kisha anaweza kuzifuta. Marekebisho mawili yamo ndani ya bei. Fundi anaweza kuonyesha video ya mwisho kama mfano wa kazi yake. Shule inahakikisha kama wazazi wamekubali watoto waonekane."

Angalia ile sentensi ya "siku bei yote imelipwa". Mpaka pale, unamtumia video yenye jina lako limekatisha katikati ya picha, anaangalia, anakubali, anamaliza deni, njo unatoa ile safi. Na usiamini kama mesaji ya M-Pesa inatosha: inaonyesha franga zimetoka, haionyeshe zilinunua nini.

Hatua ya 4: weka bei ya rashi mbele, hata kama hataki leo

Rashi za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde zinakula karibu gigabaiti 45 kwa saa moja. Siku mbili za shule zikitoa saa 3, ni 135, na mtu mwenye akili anaziweka kwa disiki mbili, sababu disiki moja ikianguka kazi imekwisha. Hiyo ni gharama yako, njo maana ile myezi 6 lazima iandikwe.

Kisha fikiria chenye kliyenti anapokea. Kama ulikamata kwa S-Log3, ile profili ya rangi ya kamera za Sony, rashi zinaonekana za kijivu, hazina rangi, na prefe atasema umemharibia kazi. Akimupa mtu mwingine afanye montaji mbaya, wazazi watasema ni weye. Na faili ya projekti peke yake, bila rashi, inafunguka na kuandika `Media Offline` kila mahali, haina faida kwake. Tena rashi za shule ziko na sura za watoto wenye hawakuingia hata kwa video ya mwisho: mtoto analia, mwingine amechanika nguo. Wazazi walikubali video, hawakukubali zile zizunguke. Hii neno ukimuelezea prefe kwa heshima, mara nyingi anaelewa.

Kwa hiyo ongeza mstari: rashi zikihitajika, bei yake ni nusu ya bei ya kazi, disiki analeta yeye, na mashoti yenye aibu ya mtu yanatolewa kwanza.

Hatua ya 5: akirudi kuomba, uliza anataka nini hasa

Mara nyingi hataki saa 3 zote. Ile shule, kwa mfano, ingeweza kutaka picha ya droni ya uwanja tu kwa kalendari ya mwaka mpya. Usimpe rashi, usimfukuze pia. Toa lile shoti moja, likiwa na rangi, umwandikie: "Shoti hii moja, kwa kalendari ya mwaka huu tu, dola 30," musinye wote wawili, kila mtu abaki na kopi yake.