Kukasimu Kazi Bila Kumchosha Yule Unayemtegemea: Mwongozo kwa Msimamizi Mpya

Msimamizi mpya hukosea kwa namna mbili zinazojulikana. Ama anang'ang'ania kila kitu mwenyewe, ama anaigawa kazi kwa kumwita yule yule kila mara, kwa sababu yule yule hamwangushi. Mwongozo huu unahusu kosa la pili, kwa kuwa halionekani mapema. Kazi zinatoka kwa wakati, wakubwa wanaridhika, na siku moja mtu unayemtegemea anaomba uhamisho.

Tutatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: ghala lenye wafanyakazi watano, kila mmoja akiwa na saa 40 za kazi kwa wiki. Watatu ndio wanaotuhusu zaidi. Yupo mkongwe, ambaye ndiye tegemeo. Yupo karani wa hati, makini lakini mwenye aibu. Na yupo kijana aliyeajiriwa karibuni. Kazi tunayotaka kuihamisha kutoka kwa mkongwe ni ripoti ya wiki ya hesabu ya mali, inayompotezea saa 8.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu kazi

Orodha ya majukumu hudanganya. Katika mfano wetu, mkongwe ana majukumu ya saa 32 kwa wiki na karani ana ya saa 28. Ukiangalia hapo tu, utasema tofauti si kubwa.

Sasa waombe wote waandike kwa wiki moja yale wanayofanya nje ya orodha. Maneno machache yanatosha: nimefanya nini, kwa muda gani, nani aliniomba. Waeleze wazi kwamba unatafuta mzigo uliojificha, humtafuti mvivu, la sivyo utaletewa karatasi zilizopambwa. Kwa mkongwe yatajitokeza mambo matatu: kujibu maswali ya wenzake saa 5, kurekebisha makosa ya wengine saa 4, kuziba zamu za dharura saa 3. Jumla yake halisi ni saa 44. Karani ana saa 1 tu ya ziada, kwa hiyo jumla yake ni 29. Kijana ana 27.

Lengo lisiwe kumjaza kila mtu saa 40. Mtu aliyepangiwa saa zote hana pa kuweka dharura, na dharura hiyo itaangukia kwa yule asiyejua kukataa. Panga hadi saa 34 au 35, zinazobaki ziache wazi.

Hatua ya 2: Hamisha kazi nzima, na uandae nafasi kwanza

Kishawishi ni kumega vipande: karani akusanye takwimu, mkongwe aandike ripoti. Hapo hujapunguza kitu. Mkongwe bado ndiye anayefuatilia, anayekumbusha na anayebeba wasiwasi wa siku ya mwisho. Hamisha ripoti yote, kuanzia kuhesabu hadi kuikabidhi.

Angalia tena saa kabla ya kusema lolote. Kinachomchukua mkongwe saa 8 kitamchukua karani kama saa 11 mwanzoni. Ukiongeza 11 juu ya 29 unapata 40, yaani umehamisha msongamano kutoka meza moja kwenda nyingine. Kwa hiyo toa kwanza saa 4 za kupanga hati kwenye majalada kutoka kwa karani, umpe kijana. Kijana anafika 31, karani anashuka hadi 25, na akiongezewa ripoti anafika 36. Ni kidogo juu ya lengo, lakini kwa wiki chache inabebeka.

Wengi huruka hatua hii, kisha husema karani hana uwezo. Mara nyingi alichokosa ni nafasi.

Hatua ya 3: Zungumza na mkongwe kabla ya karani

Kumwondolea mtu hodari kazi bila maelezo kunaonekana kama kumshusha. Mwambie hesabu yenyewe: "Nimeona unabeba saa 44. Ripoti ya wiki nataka aishike karani. Nitakuomba umfundishe kwa wiki tatu, halafu unaiacha kabisa." Muulize ni sehemu gani ya ripoti ambayo mgeni hukosea. Atakutajia mitego ambayo haimo kwenye maelekezo yoyote, kwa mfano mizigo iliyopokelewa Ijumaa jioni lakini ikaingizwa kwenye leja Jumatatu.

Usimpe kazi nyingine mara hiyo hiyo kama fidia.

Hatua ya 4: Andika mipaka ya uamuzi

Hapa ndipo uwajibikaji unapopatikana au kupotea. Msimamizi mpya husema "shughulikia ripoti," kila mmoja akaelewa lake. Karatasi moja yenye mambo haya inatosha:

*Matokeo:* ripoti inayoonyesha kiasi kilicho kwenye leja, kiasi kilichohesabiwa, tofauti, na sababu ya kila tofauti.
*Muda:* inanifikia Alhamisi saa 9 alasiri. Kwa meneja inakwenda Ijumaa saa 6 mchana.
*Unaamua mwenyewe:* mpangilio wa kuhesabu, na nani akusaidie kuhesabu kwa saa zisizozidi 2.
*Unaamua, kisha unaniarifu:* kurudia hesabu ya bidhaa yoyote yenye tofauti inayozidi 2%.
*Unanisubiri:* tofauti ikibaki baada ya kuhesabu mara ya pili, nijulishe siku hiyo hiyo.
*Hufanyi:* kubadilisha leja ili ilingane na hesabu.

Kiwango cha 2% ni cha mfano wetu. Kwa bidhaa ghali au zinazoibika kirahisi weka kidogo zaidi, hata kipande kimoja. Mstari wa mwisho, hata hivyo, usilegezwe. Anayehesabu mali hapaswi kuwa yule yule anayeidhinisha marekebisho ya leja, kwa sababu hapo upotevu unaweza kufichwa bila mtu kujua. Idhini hiyo inabaki kwako. Vivyo hivyo maonyo ya kinidhamu, tathmini za wafanyakazi na chochote kinachohitaji sahihi yako kwa mujibu wa kanuni za kazini: hivyo havikasimiwi.

Ukimaliza kueleza, usiulize "umeelewa?" Jibu litakuwa ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake atafanya nini akikuta katoni 96 mahali ambapo leja inasema 100. Tofauti ni 4%, kwa hiyo anapaswa kusema atahesabu tena na kukuarifu, na kwamba ikibaki hivyo atakujulisha siku hiyo hiyo na kusubiri. Akisema "nitaandika 96 kwenye leja," umegundua tatizo kabla halijatokea.

Hatua ya 5: Kabidhi kwa wiki nne

Wiki ya kwanza mkongwe anafanya, karani anatazama na kuandika hatua kwa mkono wake. Wiki ya pili karani anafanya, mkongwe yuko pembeni. Wiki ya tatu karani anafanya peke yake, mkongwe anasoma kabla haijakufikia. Wiki ya nne inatoka kwa karani moja kwa moja kuja kwako.

Jua kwamba mzigo wa mkongwe hautashuka wiki ya kwanza. Utabaki 44, pengine zaidi. Wiki ya tatu utakuwa karibu 38, kwa kuwa ametoa saa 8 na kurudisha 2 za ukaguzi. Kuanzia wiki ya nne ni 36.

Hatari kubwa iko wiki ya tatu. Mkongwe anaona kosa, na kwa kuwa kulirekebisha kunachukua dakika tano, analirekebisha kimyakimya. Wewe unapokea ripoti safi na kuamini karani ameiva. Dalili yake ni hii: ripoti ni nzuri mkongwe akiwapo, na inachelewa au inaharibika siku asipokuwapo. Mwagize aandike makosa kwenye karatasi na asiguse faili. Karani arekebishe mwenyewe, hata kama ripoti itakufikia saa 10.

Hatua ya 6: Kagua mapema

Ukaguzi wa Alhamisi jioni hauna msaada, kwani muda wa kurekebisha umeisha. Weka kituo Jumanne, kazi ikiwa imefika kama robo. Usiulize "inaendeleaje?" Omba kuona sehemu moja iliyokamilika, tuseme rafu moja na hesabu yake. Dakika kumi zinatosha. Ikiwa sawa, usirudi tena hadi Alhamisi. Kuchungulia kila saa kunamfundisha karani kwamba uamuzi si wake.

Siku fulani atakujia: "Mkuu, hati za mtoa bidhaa hazijafika, tufanyeje?" Ukijibu "niachie," kazi imerudi kwako, naye ataanza kukusubiri. Muulize anapendekeza nini. Akiwa na pendekezo lililo ndani ya mipaka yake, mwache aendelee. Akiwa hana, mpe muda maalumu: "Njoo na njia mbili saa 8."

Kosa likifika kwa meneja, liseme kama lako: "Ripoti ilitoka kwangu ikiwa na kosa, itasahihishwa ifikapo saa fulani." Kisha kaa na karani faraghani utafute chanzo. Kama karatasi yako haikutaja jambo hilo, rekebisha karatasi. Kama hakujua namna ya kufanya, mrudishe kwenye wiki ya pili kwa sehemu hiyo tu. Kama alijua lakini hakufanya, hapo mazungumzo ni ya nidhamu. Kumrudishia mkongwe ripoti kwa kosa la kwanza kunafuta wiki zote nne.

Hatua ya 7: Ziba milango ya nyuma

Bado mkongwe ana zile saa 5 za maswali. Mpangie nusu saa mbili za maswali kwa wiki, na swali linaloulizwa mara ya tatu liandikiwe maelekezo ya ukurasa mmoja. Maswali ya ripoti yaende kwa karani. Yakipungua kutoka saa 5 hadi 2, pamoja na muda wa kujibu ya papo kwa papo, mkongwe anafika 33. Makosa ya wengine nayo yarudishwe kwa walioyafanya. Utavumilia ucheleweshaji kwa wiki kadhaa, maana mwenye kosa ni mzito kulisahihisha kuliko mkongwe.

Baada ya wiki nane rudia hesabu ya saa. Ukikuta mkongwe amerudi 40, tazama safu ya "nani aliniomba" kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi jina linalojirudia ni lako, na maombi mengi ni yale ya haraka uliyomtumia mwisho wa siku.