Namba Umeihifadhi, Jina Halionekani WhatsApp: Anza na Tarakimu za Mwanzo

Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu majina ya WhatsApp hayatokani na ubovu wa simu wala wa programu, bali na namna namba ilivyoandikwa siku ilipohifadhiwa. WhatsApp humtambua kila mtu kwa namba kamili yenye msimbo wa nchi. Namba iliyoanza na sifuri huichukulia kuwa ni ya nchi ile ile ambamo wewe mwenyewe ulijisajili, na hapo ndipo watu wenye jamaa au wateja ng'ambo ya mpaka hupata matatizo.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Arusha, aliyejisajili kwa namba ya Tanzania, ambaye amepewa namba ya fundi wa Nairobi inayoanza na 0712. Anaiandika kama alivyotajiwa na kuipa jina la "Fundi Nairobi". Kwa kuwa 0712 ipo Kenya na ipo Tanzania pia, na namba za nchi zote mbili zina urefu sawa, WhatsApp inaisoma kuwa ni +255712 na kuendelea. Fundi anapotuma ujumbe kutoka +254712, unaingia kama namba tupu. Wakati huo huo jina la "Fundi Nairobi" linaweza kumkalia Mtanzania asiyehusika kabisa, mwenye picha ya mtu asiyejulikana. Kosa ni moja, dalili ni mbili.

Hatua ya kwanza: soma namba ndani ya mazungumzo. Fungua ujumbe ulioingia bila jina, gusa namba iliyo juu, kisha uisome yote kuanzia alama ya kujumlisha. Ukiona jina lililotanguliwa na alama ya ~, hasa ndani ya kundi, hilo ni jina alilojipa mwenyewe. Si lile ulilohifadhi, na ni ushahidi kwamba WhatsApp haijaioanisha namba hiyo na kadi yoyote ya jina iliyohifadhiwa katika simu yako.

Hatua ya pili: linganisha na kadi, kisha uirekebishe. Fungua orodha ya majina ya simu yenyewe, si ya WhatsApp. Mara nyingi utakuta mojawapo ya maandishi matatu ya mwanzo, na sahihi ni la mwisho pekee:

```
0712 xxx xxx
005 712 xxx xxx
+254 0712 xxx xxx
+254 712 xxx xxx
```

La pili huwapoteza wengi. Kutoka Tanzania, 005 ni njia ya mkato ya kupiga simu Kenya, kwa hiyo simu inapita vizuri na mwenye kadi haamini kwamba ina kasoro. Lakini WhatsApp haiutambui mkato huo. La tatu limebakiza sifuri ambayo hudondoka mara msimbo wa nchi unapoandikwa.

Hatua ya tatu: ilazimishe WhatsApp kusoma upya. Kwenye Android, gusa kitufe cha kuanzisha mazungumzo mapya, kisha vidoti vitatu, kisha `Refresh`. Kwenye iPhone, ifunge programu kabisa na uifungue tena.

Ikiwa majina yote yamepotea kwa pamoja, usianze na kadi moja moja, kwa maana hapo mara nyingi tatizo ni ruhusa. Kwenye Android ingia `Settings`, `Apps`, WhatsApp, `Permissions`, kisha uruhusu `Contacts`. Kwenye iPhone zenye iOS 18 na kuendelea, angalia kama ulichagua kuipa programu baadhi ya majina tu. Kama ulichagua hivyo, kila usiyemchagua atabaki namba. Majina ya nyumbani yanaweza pia kupotea kwa mkupuo kwa mtu aliyehamia, tuseme, Oman na kujisajili upya kwa namba ya +968: sifuri zote za zamani sasa zinasomwa kama za Oman, na dawa ni kuandika +255 badala ya sifuri kwenye kila kadi.

Jina likiwa la mtu sahihi lakini si lile unalolitaka, tafuta kadi pacha. Katika orodha ya majina ya simu, tafuta kwa tarakimu sita za mwisho za namba badala ya jina, ili kadi zote zenye namba hiyo zijitokeze: moja kwenye akaunti ya Google, nyingine kwenye laini, pengine yenye jina la miaka iliyopita. Hakikisha orodha inaonyesha majina kutoka sehemu zote, kwa sababu simu nyingi huficha yale ya laini. Futa iliyopitwa na wakati, kisha urudie hatua ya tatu.