Alumini kwa umeme: hatua kwa hatua mpaka ujue anodi inakwenda wapi

Vijana ninaowasaidia kemia hapa Dodoma wanajua kwamba alumini hupatikana kwa elektrolisisi. Wanachora tangi vizuri, wanaweka mshale wa elektroni, halafu wanakwama kwenye kipengele cha mwisho: kwa nini anodi za grafaiti hubadilishwa kila mara? Jibu linalonijia mara nyingi ni "kwa sababu ya joto kali". Hilo si jibu. Kathodi nayo ni ya kaboni, imo kwenye joto lilelile, na hukaa miaka kadhaa. Wiki hii nilikaa na binti mmoja wa kidato cha nne kutoka Nkuhungu tukalipitia swali lote mpaka kwenye kilo za kaboni. Njia tuliyotumia ni hii.

Hatua ya 1: Anza na alumina, si na udongo

Boksaiti ikishasafishwa kwa njia ya Bayer unabaki na unga mweupe, alumina, Al2O3. Usipoteze nusu ukurasa kueleza usafishaji kama hujaulizwa.

Kitu kimoja tu kiwe wazi. Mafundi wanaosubu sufuria mtaani hawatoi alumini kwenye alumina. Wanayeyusha vyuma chakavu ambavyo tayari ni alumini, na nyuzi 660 za Selsiasi zinatosha, hivyo mkaa na feni vinafanya kazi. Sisi tunataka kuitenganisha alumini na oksijeni iliyoshikamana nayo. Mkaa na feni havifiki huko.

Hatua ya 2: Kriolaiti

Alumina peke yake huyeyuka kwenye nyuzi kama 2,050. Kuendesha tangi la kiwanda kwenye joto hilo usiku na mchana hakuwezekani kibiashara. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipata njia ya kukwepa: yeyusha kriolaiti, Na3AlF6, kisha tia alumina ndani yake. Alumina hupotea humo kama chumvi kwenye mchuzi wa moto. Kriolaiti huyeyuka karibu na nyuzi 1,010, na ikichanganywa na alumini floraidi kidogo tangi linaendeshwa kwenye nyuzi 960 hivi.

Kwa hiyo usiandike kwamba alumina "imeyeyushwa kwa nyuzi 960". Imeyeyushwa *ndani ya kriolaiti*. Alumina yenyewe ni asilimia chache tu ya kiowevu kile, na huongezwa kidogo kidogo kadiri inavyoliwa.

Hatua ya 3: Kathodi

Hapa ni rahisi:

```
Al3+ + 3e-  →  Al
```

Alumini inayopatikana ni ya majimaji, na ni nzito kidogo kuliko kiowevu cha kriolaiti, hivyo inazama na kutanda chini ya tangi. Inavutwa kwa bomba. Basi.

Hatua ya 4: Anodi. Hapa usikimbie

Karibu alama zote zinazopotea hupotea hapa, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza andika kinachofanywa na ayoni za oksaidi:

```
2O2-  →  O2 + 4e-
```

Wanafunzi wengi huishia hapo, wanaandika "oksijeni hutolewa kwenye anodi" na kufunga daftari. Lakini jiulize: oksijeni hiyo imetokea wapi? Imetokea juu ya uso wa kaboni, kwenye nyuzi 960. Kaboni na oksijeni hazikai pamoja kwenye joto hilo bila kuungana:

```
C + O2  →  CO2
```

Kwa hiyo gesi inayotoka kwenye anodi kwa wingi ni kaboni dayoksaidi, si oksijeni. Anodi inaungua kwa oksijeni iliyotoka ndani ya alumina. Jibu la mtihani ni hilo: *oksijeni inayozalishwa kwenye anodi huungana na kaboni ya anodi kuwa kaboni dayoksaidi, hivyo anodi huliwa na lazima ibadilishwe*. Joto linasaidia mmenyuko, lakini joto peke yake halimalizi kaboni. Kathodi haiungui kwa sababu oksijeni haitokei upande wake, na imefunikwa na alumini ya majimaji.

Mimi sipendi kabisa mtu akariri milinganyo hii mitatu kama mashairi. Napenda ahesabu elektroni. Kathodi inataka 3, anodi inatoa 4, namba inayogawanyika kwa zote ni 12. Zidisha kathodi kwa 4 na anodi kwa 3, ongeza kaboni 3 za kuunguza O2 zako 3, unapata:

```
2Al2O3 + 3C  →  4Al + 3CO2
```

Ukifika hapa kwa kuhesabu, huwezi kusahau kaboni, maana imeandikwa upande wa kushoto pamoja na alumina. Kaboni hapa ni malighafi.

Binti wa Nkuhungu akaniuliza swali zuri: kwa nini wasiweke anodi isiyoungua? Kuna sababu mbili. Ya kwanza, kriolaiti ya moto ni kali. Inayeyusha oksaidi, na metali nyingi huharibika humo. Ya pili huwashangaza watu: kuungua kwa kaboni kunasaidia kazi. Kwa hesabu za nishati, kutenganisha alumina kwa anodi ya kaboni kunahitaji angalau voliti 1.2 hivi, wakati kwa anodi isiyoungua inayotoa oksijeni tupu ni kama voliti 2.2. Ile voliti moja ya tofauti inalipwa na kaboni badala ya umeme. (Tangi halisi hutumia voliti 4 na kitu, kwa sababu umeme mwingi unapotea njiani kama joto, na joto hilo ndilo linaloweka kiowevu katika hali ya umajimaji.)

Kuhusu jina "grafaiti": vitabu vya shule vinasema hivyo, na kwenye mtihani andika hivyo. Kiwandani anodi ni mapande ya koki inayotokana na mabaki ya mafuta ya petroli, yaliyogandishwa kwa lami ya makaa ya mawe na kuokwa kwenye nyuzi zaidi ya 1,000. Ni kaboni, lakini si grafaiti kamili.

Usijaribu mchakato huu nyumbani, kriolaiti ya moto inatoa mvuke wa floraidi. Ukitaka kuona kaboni ikiliwa na umeme, toa vijiti viwili vyeusi kwenye betri kubwa za tochi zilizokufa, vitie kwenye maji yenye magadi soda, unganisha na voliti 6 hadi 9, fanya nje. Usitumie chumvi ya mezani, utapata klorini. Baada ya muda utaona unga mweusi ukidondoka kwenye kijiti cha upande chanya, na cha upande hasi kiko salama. Kwenye maji baridi kaboni inabomoka zaidi kuliko kuungua, lakini utajua ni upande gani unaoumia.

Hatua ya 5: Hesabu, tangi moja kwa siku moja

Chukua tangi la ampea 200,000 lenye mapande 20 ya anodi, kila moja kilo 1,000. Namba hizi nimezichagua mimi kwa mfano, lakini zinafanana na za matangi halisi.

```
Chaji        = 200,000 × 86,400 = 1.728 × 10^10 C
Elektroni    = 1.728 × 10^10 ÷ 96,500 ≈ 179,000 moli
Al           = 179,000 ÷ 3 ≈ 59,700 moli
Uzito wa Al  = 59,700 × 27 g ≈ 1,612 kg
```

Tangi halitoi zote. Alumini kidogo hukutana na kaboni dayoksaidi na kurudi kuwa alumina, kwa hiyo tuseme asilimia 94 ndiyo inayobaki: kilo 1,515 hivi.

Sasa kaboni. Kwa mlingano, gramu 36 za kaboni zinakwenda na gramu 108 za alumini, yaani kilo 333 kwa kila tani. Kiwandani hazitoshi. Hutumika kati ya kilo 400 na 450. Ziada inakwenda kwenye alumini ile iliyorudi kuwa alumina, kwenye hewa inayounguza sehemu ya juu ya anodi, na kwenye kaboni dayoksaidi inayoshambulia kaboni nyingine kuwa kaboni monoksaidi. Ndiyo maana juu ya anodi hufunikwa kwa tabaka la alumina na kriolaiti iliyopondwa, hewa isifike. Tukichukua kilo 420 kwa tani:

```
1.515 × 420 ≈ 636 kg za kaboni kwa siku
636 ÷ 20    ≈ 32 kg kwa kila pande kwa siku
```

Hatutumii pande lote. Robo yake inaachwa, nitaeleza kwa nini. Zinazoliwa ni kilo 750, na 750 ÷ 32 ni siku 23 na kitu. Viwandani anodi hudumu kati ya wiki tatu na nne, kwa hiyo hesabu yetu haijapotea.

Hatua ya 6: Kubadilisha

Mapande 20 hayabadilishwi kwa mara moja. Linatolewa moja, linawekwa jipya, karibu kila siku, ili tangi lisizimike. Pande jipya ni baridi. Kriolaiti inaganda chini yake, na inachukua kama siku nzima kabla halijabeba umeme kama wenzake. Ukibadilisha mengi pamoja, yaliyobaki yanabebeshwa umeme kupita kiasi.

Robo inaachwa kwa sababu pande linaning'inia kwenye nguzo za chuma. Kaboni ikiisha mpaka kriolaiti ikagusa chuma, chuma kinaingia kwenye alumini na hakitoki kirahisi. Dalili yake ni kiwango cha chuma kinachopanda kwenye sampuli ya metali ya tangi hilo, na dawa ni kutafuta pande lililokwisha kabla ya wakati. Mabaki yanayotolewa husafishwa, husagwa na kuingizwa kwenye mchanganyiko wa anodi mpya.

Usichanganye dalili hiyo na ile ya voliti kuruka ghafla kutoka 4 hadi 30 au zaidi. Hapo anodi haijaisha. Alumina ndiyo imepungua mno kwenye kiowevu, floraidi imeanza kuungana na kaboni, na gesi za CF4 na C2F6 zinatoka. Hapo huongezwa alumina, hakuna anayebadilisha pande.