Somo: Tiketi "hairudishwi", lakini kodi zake zinadaiwa

Ndugu zangu, wengi wakisoma kwamba nauli hairudishwi huiacha tiketi ipotee. Kinachopotea ni nauli ya msingi. Kodi za serikali na tozo za viwanja hulipwa kwa ajili ya abiria anayesafiri; usiposafiri, tiketi nyingi zinaruhusu urudishiwe.

Tuchukue mfano wa Dar hadi London, kwenda na kurudi, dola 820.

Kwanza, fungua risiti ya tiketi, si ujumbe wa kuthibitisha safari tu. Tafuta mchanganuo. Katika mfano wetu nauli ni 450, YQ ni 160, GB ni 120, UB ni 45 na tozo za Dar ni 45. Ukiona XT, hizo ni kodi kadhaa zilizojumlishwa, omba zichambuliwe.

Pili, tenga YQ na YR. Hapa ndipo watu hukosea hesabu. Zimeandikwa pamoja na kodi, lakini ni tozo za shirika lenyewe, na mara nyingi zinafuata masharti ya nauli. GB ni kodi ya Uingereza kwa abiria anayeondoka huko, na UB ni tozo ya uwanja. Basi unadai 120 + 45 + 45, yaani dola 210.

Tatu, futa safari kabla ndege haijaondoka, maana masharti mengine yana faini ya kutotokea. Kufuta nafasi peke yake hakuleti pesa: omba marejesho kwa maandishi, ukitaja namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Kama ulinunua kwa wakala, anza kwake. Akikata ada ya dola 30, utapata 180.

Mimi niliwahi kubonyeza "kubali" haraka nikapewa vocha badala ya pesa. Soma kabla ya kubonyeza.

Maswali ya wanachama

*Mama alishafika London na hatarudi tena kwa tiketi ile. Kuna kitu hapo?*

Kipo, tena kikubwa. GB na UB zote ni za kuondoka London, na safari hiyo hajaitumia. Tozo za Dar ndizo zimekwisha. Adai 165 kabla muda wa tiketi haujaisha.

*Nimefuta tiketi yangu na ya mwanangu wa miaka 9, daraja la kawaida. Mbona yake imerudi kidogo?*

Angalia risiti yake, huenda GB haimo kabisa. Mtoto chini ya miaka 16 katika daraja hilo hatozwi kodi hiyo, kwa hiyo hakuna cha kurudisha.

*Na shirika likifuta safari lenyewe?*

Hilo si suala la somo hili, kaka. Hapo dai zote 820, nauli ikiwemo.